Debe Moja kwa Mfuko Mmoja

Kabla sijafika kwenye gari la kipaza sauti, nianze na kopo la Batuli, maana hofu yote ilianzia humo.

Batuli alikuwa mjane mwenye duka mjini Kisii, upande wa kuteremkia Daraja Mbili. Baba yake alikuwa Msomali muuza ng'ombe, mama yake mwenyeji wa pale pale, na yeye mwenyewe alikisema Kigusii kuwashinda waliocheka Kiswahili chake. Watu walimwita Mama Luul. Aliuza majembe, chumvi na mablanketi, lakini kilichomweka mjini kilikuwa mbegu za mahindi, zile za haibridi. Na mbegu si chumvi. Chumvi hununuliwa mwaka mzima. Mbegu hununuliwa majuma machache tu, mvua ikishanukia. Kabla ya hapo hakuna anayeuliza, baada ya hapo hakuna anayetaka, na ikikubakia huwezi kuila wala kuwamwagia kuku. Imepakwa dawa.

Tena huiagizi siku unayoitaka. Bohari ya Kisumu ilitaka kusikia mwezi wa nane ni mifuko mingapi utakayotaka mwezi wa pili. Ukishataja umetaja. Mbegu hiyo hulimwa mwaka huu ili ipandwe mwaka ujao, kwa hiyo ikiisha imeisha, hata ulie machozi ya damu.

Wafanyabiashara wengine walitaja kwa kutazama mauzo ya mwaka uliopita. Batuli aliwacheka. "Niliuza mia mbili kwa sababu nilikuwa na mia mbili," alisema. "Hao waliokuja mlangoni wakarudi mikono mitupu, ni nani aliyewahesabu?" Yeye aliwahesabu. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, na mbegu zikishaisha, kila mtu aliyeulizia akakosa, msaidizi wake Kwamboka alitia punje moja ya buni ndani ya kopo. Mwezi wa nane Batuli alizimwaga buni zile kaunta, akazihesabu, akajumlisha na alizouza, akapunguza wale waliokuja mara mbili kwa ubishi, akaongeza kidogo kwa ajili ya uvumi. Ndivyo alivyofikia mifuko mia nne kwa msimu wa sabini na mbili. Nami ndiye niliyeileta kwa lori kutoka Kisumu, na sijaona mwanamke aliyefurahi vile kwa kutazama magunia.

Furaha haikumaliza mwezi wa kwanza.

Jua liliwaka. Mifuko ilikaa. Wateja walipita wakanunua chumvi, wakaiangalia mifuko kama mtu anavyotazama jeneza la mwenziwe. Ilitoka mmoja leo, miwili kesho. Hapo ndipo Farah alipoingia. Farah alikuwa ndugu yake mdogo, amerudi kutoka Nairobi alikokuwa akiuza sabuni kwa kampuni, na kichwa chake kilijaa matangazo.

"Dada, mali imelala," alimwambia. "Sabuni ikilala siku kumi, tunapunguza bei na tunapiga kelele. Hii yako imelala mwezi."

"Sabuni watu wanaoga kila siku, Farah."

"Wewe umekwisha kuoga leo?"

"Nenda huko."

Lakini nilimwona usiku ule ule hakufunga duka mapema. Alikaa akiitazama mifuko. Hofu ya mali kubaki ni hofu halisi, nisimseme. Mifuko mia nne ya kitu kisicholiwa na yeyote ingemfukuza mjini. Kesho yake akakubali.

Mpango wa Farah ulikuwa huu. Gari dogo aina ya Landrover, kipaza sauti juu yake, linazunguka masokoni. Mwanamke akileta debe moja la mahindi yake ya mbegu ya zamani, anapewa kadi yenye mhuri, na kadi ile inampa mfuko mmoja wa haibridi kwa nusu ya bei, akija kuuchukua dukani mvua ikikaribia. Mahindi ya debe yanauzwa kwenye mashine ya kusaga, na hiyo inafidia ile nusu iliyopunguzwa. Debe moja kwa mfuko mmoja. Batuli alilipima jambo hilo akaliona limesimama. Akatoa sharti moja tu: "Kadi zikifika mia tatu, gari lisimame. Mia inayobaki ni ya watu wa mlangoni."

Mtangazaji alikuwa Nyangate, mzee wa kanisa la Sabato kule Sironga, sauti yake inaweza kumwamsha ng'ombe aliyechinjwa. Na kwa kuwa alikuwa wa Sironga, tulianzia kwao, tukapanda hadi Nyamira, tukamalizia Itumbe kwa wakulima wa chai. Nilishika usukani, yeye akashika kipaza sauti.

"Enyi mama! Mahindi ya babu yapumzike! Debe moja kwa mfuko mmoja! Ya nini kutunza moshi juu ya jiko?"

Wakaja. Wakaja na madebe kichwani, mahindi yamepukuchuliwa, yananuka moshi. Maana huko mbegu hufungwa kwa maganda yake, ikatundikwa juu ya jiko, moshi ukazuia dumuzi mpaka siku ya kupanda. Farah aligonga mhuri mpaka kiganja kikamvimba. Madebe ya Sironga na Nyamira yalijaa upesi, naye akayapeleka mashineni juma lile lile, ili ghala lipate nafasi. Ya Itumbe yalikuja mwisho, yakabaki ghalani.

Kadi zilifika mia tatu. Gari likasimama kama ilivyoagizwa. Batuli akalala usingizi.

*

Aliyemwamsha ni Kemuma.

Alikuwa bibi kizee wa Sironga, mfupi, mjane, na tulimkuta Daraja Mbili siku ya soko, amekuja kuuza ndizi. Batuli alikwenda kununua mboga, nami nilikuwa nyuma yake nimebeba kapu. Kemuma akamwonyesha kadi yake, ameifunga kwenye pindo la leso.

"Bwakire, Mama Luul," akamsalimu. " Naitunza kuliko cheti cha ubatizo."

Batuli akacheka. "Omong'ina, bibi yangu, nawe una shamba la kula debe zima? Peke yako?"

"Peke yangu?" Kemuma akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana kichwa. "Mimi nina wakamwana wanne. Debe lile ni la nyumba zote. Nani atampa mke wa mwanangu mbegu kama si mimi? Mvua ikinyesha wanakuja jikoni kwangu na vikapu, nawapimia."

"Wote wanapanda kutoka debe moja."

"Debe linatosha ekari mbili, mama. Kila mmoja na nusu ekari yake. Ni hivyo kilima kizima. Mbegu hukaa kwa mama mkwe, haikai kwa wasichana, wasichana wataipika."

Wanawake waliokuwa pale na ndizi zao wakacheka. Batuli hakucheka. Nilimwona akishika ukingo wa meza ya mtu.

"Na mfuko wangu," akasema polepole, "unatosha ekari moja."

"Ndiyo. Basi mmoja nachukua kwa kadi, na wale wasichana watakuja kununua mwingine. Si mmeshusha bei? Wamekwisha kulima. Wanangoja tu." Akainua uso kutazama upande wa Manga, ambako mawingu yalikuwa yameanza kulala juu ya mwamba. "Hawatangoja sana."

Tuliondoka bila kununua mboga. Njiani Batuli alinena mara moja tu: "Nilihesabu vichwa, dereva. Sikuhesabu mashamba."

Sikuelewa yote siku ile, lakini alinieleza baadaye, na nitalieleza alivyolieleza. Buni moja kwenye kopo ilikuwa mtu mmoja mlangoni. Kadi moja ilikuwa mtu mmoja sokoni. Lakini mtu yule hakuwa akisimama kwa ajili yake mwenyewe. Amesimama kwa ajili ya nyumba nne. Kadi mia tatu zilikuwa ekari mia sita, na dukani kulikuwa na mifuko mia nne kasoro ile michache iliyotoka. Yangekuwa mambo ya kawaida ya biashara, mtu akikosa anarudi kwa mbegu yake ya zamani, anapanda, anakula. Lakini mbegu ya zamani tulikuwa tumeichukua. Tuliiomba kwa kipaza sauti.

Na ukimya ule wa mwezi wa kwanza haukuwa kwamba watu hawataki. Ulikuwa tu mwezi wa kwanza.

*

Alikwenda posta akapiga simu Kisumu. Akangoja laini saa nzima, amekaa kwenye benchi na watu wa vifurushi. Aliporudi hakuhitaji kusema. Kisumu hakuna. Kisumu walimwambia hata wao wanatafutwa.

Farah alikuwa amekaa juu ya kaunta, anakula ndizi.

"Basi waliowahi watapata," alisema. "Dada, ndiyo biashara. Tulisema kadi mfuko mmoja, tuna mfuko kwa kila kadi, na mingine inabaki. Tumedanganya wapi?"

"Shuka kwenye kaunta."

"Nimeuliza tumedanganya wapi."

"Tuliwaambia wasitunze. Nusu ya kilima kile kitalima na kukaa kinatazama udongo, Farah. Mwezi wa saba watakuja kuniuliza. Watakuja na nini mkononi, wewe wajua?"

Farah alishuka kwenye kaunta. Alijua. Mjini sisi sote tulijua. Duka la mgeni linasamehewa bei, linasamehewa hata mizani mbovu, lakini njaa haisamehewi. Na Batuli, pamoja na Kigusii chake chote, siku ya njaa angekuwa mgeni.

"Ya mashineni yamesagwa yote?" akauliza.

"Ya Sironga na Nyamira, yote. Yameshaliwa na shule na hoteli. Ya Itumbe yapo."

Kwamboka aliyapanga ghalani yale ya Itumbe mbali, kwa kuogopa dumuzi. Na mahindi ya juu kule kwenye chai si kama ya bondeni, hukomaa taratibu, yanajua baridi yao. Yangerudi kwa wenyewe na yangeota. Batuli akapiga vidole mezani. Kisha akasema: "Itumbe tunarudishia madebe yao, tunachukua kadi zetu, tunaomba radhi. Hao watapanda walichozoea. Haibridi yote inakwenda Sironga na Nyamira, kwa wale wasio na chochote. Kadi mia mbili, ekari mia nne. Inakaribia kutosha."

"Na wateja wa mlangoni?"

Swali lile lilikuja na miguu yake. Asubuhi iliyofuata gari dogo jeupe lilisimama mbele ya duka, akashuka Bwana Cleophas, mkulima mkubwa mwenye chai na ng'ombe wa maziwa, mtu wa kamati nyingi. Alitaka mifuko hamsini, kwa bei kamili. Angeweza kumsaidia Batuli leseni yake, na angeweza pia kuivuruga.

"Mama Luul, naona unayo," alisema akinyoosha kidole.

"Imekwisha, mzee."

"Ile pale ni nini?"

"Ile ni ya watu."

"Na mimi ni nini, mbuzi?"

Kwamboka alitazama chini. Batuli alikuwa na jasho juu ya mdomo, lakini hakubanduka mlangoni. "Mzee, wewe una mbegu yako ya zamani ghalani, mimi najua. Wao hawana, niliichukua mimi. Nisamehe."

Cleophas alitoa funguo za gari lake. "Tutaonana kwenye mambo ya leseni," akasema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko angefoka. Akaondoka.

Siku ile ile nilipakia madebe ya Itumbe tukayapeleka. Wengine walitutukana, wengine walishukuru, maana kumbe usiku walikuwa wamejuta. Mama mmoja alinusa mahindi yake kiganjani ili ajue kama ni ya moshi wake. Hatukumaliza mpaka Ijumaa mchana, na radi ilikuwa ikitembea nyuma ya vilima.

*

Sasa ikabaki Sironga na Nyamira, na tatizo lilikuwa siku.

Nyangate alikuja dukani Ijumaa hiyo, jua likianza kuteremka, akiwa na haraka ya mtu anayetaka kuwa nyumbani kabla Sabato haijaingia. Batuli akamwambia kila kitu. Yule mzee alikaa juu ya gunia la chumvi. Ile sauti ya kuamsha ng'ombe ilitoweka.

"Ni kinywa changu," alisema. "Waliamini kinywa changu, hawakuamini mhuri wa Farah."

"Kesho watakuwa wote kanisani Sironga, na wale wa Nyamira pia," Batuli akasema. "Hakuna siku nyingine ya kuwapata wote pamoja kabla ya mvua. Twende na lori."

"Kesho ni Sabato, Mama Luul. Hawatagusa mfuko. Hawatagusa senti. Nikisimama kutangaza biashara siku ya Bwana, watanitoa kwa mikono yao."

"Usitangaze biashara. Sema tulichokosea. Hilo nalo lina siku yake?"

Nyangate aliangalia mikono yake. "Wataniua, mama," akasema, na hakuwa anatania.

Lakini alikuja. Jumamosi asubuhi lilipofika lori kanisani Sironga, alikuwa amesimama langoni na koti lake jeusi, uso umemvimba kwa kutolala. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Nilifunika mifuko kwa turubai nikaikaza kamba, nikakaza tena, maana mbegu ikilowa kabla ya kupandwa inachipua mfukoni na imekwenda.

Watu walipotoka nje baada ya mahubiri, walituona. Lori, turubai, Batuli ameketi mbele na mtandio wake. Wengine walitabasamu, wakidhani mifuko imewafuata.

Nyangate hakutumia kipaza sauti. Alipanda kwenye jiwe la langoni akasema kwa sauti ya kawaida, kwa Kigusii, nami nilielewa nusu na nusu niliisoma usoni mwao. Tuliwaahidi kwa pupa. Madebe yenu yamesagwa. Mifuko iliyopo ni hii tu, hakuna mingine mpaka mwaka ujao, na haitoshi mashamba yenu yote kwa ukamilifu. Tumewaletea yote.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Ungeweza kumsikia mtoto akinyonya.

Kisha Kemuma akaja mbele, akasimama chini ya dirisha la lori.

"Mama Luul. Mahindi yangu yako wapi?"

"Yamesagwa, omong'ina."

"Yote?"

"Yote."

"Mbegu ile aliniletea mama yangu kwenye harusi yangu," akasema. "Nimeitunza tangu hapo." Akageuka akarudi kwa wakamwana wake.

Kijana mmoja nyuma akasema kitu, na wawili watatu wakaitikia. Nilimuuliza Nyangate amesema nini. "Anasema gari linaungua vizuri," Nyangate akanong'ona. "Hata likiwa limelowa."

Na hawakugusa mifuko. Ilikuwa Sabato. Lakini pia hawakutuacha tuondoke. Wanaume walikaa kwenye majani mbele ya magurudumu, na nguo zao nzuri, wakitupa mgongo. Wengine wakakaa nyuma. Hakuna aliyesema tusiondoke. Walikaa tu. Tukangoja jua lizame.

Ndizo saa ndefu kuliko zote nilizokaa ndani ya lori, na nimelala jangwani na gari lililokufa. Batuli alishika tasbihi chini ya mtandio, vidole vinatembea. Tone la kwanza lilipiga kioo. Likafuata la pili. Mvua ya kupandia. Ile ambayo kila mwaka watu huikimbilia mashambani kwa shangwe, hapo ilitupiga kwenye bati kama mtu anayegonga mlango aambiwe kwa nini. Wanaume hawakuinuka. Walilowa. Koti zao ziligeuka nyeusi zaidi, na maji yalitiririka kutoka kwenye kofia zao, na bado walikaa.

"Turubai," Batuli akasema.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

"Nikishuka?"

Aliwatazama wale wanaume. "Usishuke," akasema.

Kona moja ya turubai ilifunguka. Niliiona kwenye kioo cha pembeni, inapiga piga kwa upepo, na chini yake mfuko mmoja, halafu wa pili, ikianza kubadilika rangi. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayetazama mtoto kwenye ukingo wa kisima. Ndipo mmoja wa wanaume, yule yule aliyesema gari linaungua, akaamka bila kutuangalia, akapanda kwenye gurudumu, akaifunga kona ile kwa mafundo mawili, akarudi kukaa. Kufunga mzigo wakati wa mvua sijui kama ni kazi ya Sabato. Hakuna aliyemwuliza.

Giza lilipoingia waliimba wimbo wa kufungia Sabato, mfupi. Kemuma ndiye aliyeamka wa kwanza.

Farah na mhuri wake walikuwa wamebaki mjini. Kemuma hakumruhusu hata Nyangate kugawa. Aliwaita wale mama wakwe wenzake, wazee kwa wazee, wakasimama nyuma ya lori chini ya taa ya karabai, kila mmoja na wakamwana wake wamejipanga nyuma yake. Kila mmoja alitaja mashamba. Si watu, mashamba. "Mke wa Onsongo, nusu ekari, mteremko. Mke wa Jethro, robo, nyingine ameipanda chai." Aliyejaribu kuongeza alisutwa na jirani kabla hajamaliza. Nikashusha mifuko, wakaifungua, wakapima kwa kibaba. Malipo ya nusu bei Batuli aliyaacha mpaka mavuno.

Niliwatazama nikaona kitu ambacho kopo la buni halingekionyesha kamwe. Hao wazee walijua kila kipande cha udongo wa kilima kile na nani atakipanda. Ni vile tu hawakuwa wameulizwa.

Mifuko iliisha kabla ya mstari kuisha. Ile iliyolowa tuliitenga, na ile iliyouzwa mwezi wa kwanza haikuwepo. Waliobaki hawakuwa wengi, na wa mwisho kabisa alikuwa Tryphosa, mkamwana mdogo wa Kemuma, aliyeolewa mwaka ule. Alisimama na kikapu kitupu. Kemuma alikuwa amejiweka yeye na wa kwake mwisho wa mstari kwa makusudi, ili asisutwe.

Batuli alishuka kwenye lori kwa mara ya kwanza siku ile. Mvua ilimpiga mtandio ukamganda kichwani. "Omong'ina," akasema, "nimekosa. Sina."

Kemuma alichukua kikapu chake mwenyewe, kile alichojipimia, akakimimina chote kwenye kikapu cha Tryphosa.

"Mimi nitapanda wimbi, ulezi wa nyumbani," akasema. "Wimbi halina kipaza sauti." Mtu mmoja akacheka gizani, kicheko kifupi, kama kikohozi. Kisha Kemuma akamwambia Batuli, bila hasira na bila upole: "Mwaka huu ukienda kuagiza, usianzie dukani kwako. Anzia jikoni kwangu. Ukija na lile gari kabla hujaja jikoni, hao vijana mimi siwezi kuwazuia mara mbili."

"Nitakuja," Batuli akasema.

Wanaume wakasogea. Niliwasha lori, na kwa muda sikuamini kwamba lingewaka.

Tuliteremka kuelekea Kisii kwenye matope, gia ya chini, mwanga wa taa ukiona mvua tu. Nje ya barabara, huku na huku, niliona vibatari vinasogea mashambani. Hawakungoja asubuhi.

Batuli alikuwa na kopo la buni mapajani. Sijui alilichukua dukani kwa nini. Hakulitikisa. Tulipofika kwenye njia panda ya kuelekea Itumbe akanishika mkono ghafla.

"Dereva. Yale madebe ya Itumbe, yote yalirudi kwa wenyewe? Hakuna aliyekosa?"

"Yote," nikasema.

"Una hakika? Uliwahesabu watu, au madebe?"

Nilikanyaga breki. Nilikuwa nimehesabu madebe. Tulisimama pale njia panda, injini ikinguruma, mvua ikizidi, tukitazama barabara ya kupanda juu.

"Pinda," akasema.